Sarafu haina daftari la madeni

Leo sizungumzii picha za bidhaa wala bei ya kutuma mzigo mkoani. Leo nazungumzia kosa moja la hesabu lililonimalizia mtaji wa mzigo mzima, na ninajua wapo wengine humu linawatafuna kimya kimya.

Sisi wa duka tuna daftari la madeni. Mteja akichukua kava la simu kwa mkopo tunaandika, akichukua tena tunaandika, na kadiri deni linavyokua ndivyo tunavyojua siku ya kulipwa inakaribia. Akili zetu zimezoea hivyo: aliyechukua sana lazima arudishe. Tatizo linaanza tukipeleka akili hiyo hiyo kwenye vitu visivyo na daftari, kama sarafu, droo na bahati nasibu.

Ilivyonikuta mimi

Nilikuwa na laki tatu za kuchukua mzigo wa kava na chaja. Jamaa wa duka la jirani akanionyesha mchezo kwenye simu. Rangi ni mbili tu, nyekundu na bluu, unachagua moja, ikitoka unapewa mara mbili ya ulichoweka. Akaniambia, "Dogo, usicheze kiholela. Subiri nyekundu itoke mara tatu mfululizo, halafu weka buku kwenye bluu. Ukikosa, weka mbili. Ukikosa tena, weka nne. Bluu haiwezi kugoma milele, na ikitoka tu unarudisha zote na buku juu."

Nikaona ina mantiki. Wiki mbili nikawa nashinda buku buku. Nilifikisha kama elfu sitini na nane, nikala nikanunua bando, nikajiona nimepata mfumo.

Jioni moja nyekundu ikatoka mara tatu. Nikaweka 1,000 kwenye bluu, ikatoka nyekundu. Nikaweka 2,000, nyekundu. 4,000, nyekundu. 8,000, nyekundu. Hapo moyo unadunda, lakini kichwani nasema, "Sasa ndiyo imekaribia, haiwezi kuzidi hapa." 16,000, nyekundu. 32,000, nyekundu. 64,000, nyekundu. Nikaweka 128,000 nikiwa nimesimama. Nyekundu.

Jumlisha hizo nane utapata 255,000. Nilibaki na 45,000, na raundi iliyofuata ilitaka 256,000 ambazo sina. Nikaiangalia tu ikizunguka. Ikatoka bluu.

Kwa miezi kadhaa niliamini kosa langu lilikuwa kuishiwa hela, kwamba ningekuwa na 256,000 ningeshinda. Siyo. Kosa lilikuwa ile sentensi ya kichwani, "sasa ndiyo imekaribia." Haikuwa imekaribia hata kidogo, na nimekuja kulielewa hilo kwa sarafu tu.

Chukua shilingi mia mbili

Upande mmoja una kichwa cha Mzee Karume, upande wa pili simba. Tuite kichwa na simba. Ukiirusha, nafasi ni nusu kwa nusu.

Sasa tuseme imetoka kichwa mara saba mfululizo. Unarusha ya nane. Watu wengi watakwambia simba ana nafasi kubwa, maana "kichwa mara nane ni jambo gumu sana kutokea." Na ni kweli ni gumu. Kichwa mara nane mfululizo ni nafasi moja kati ya 256. Lakini hapo ndipo tunapopigwa. Hiyo moja kati ya 256 ni hesabu ya mtu ambaye bado hajarusha hata mara moja. Wewe umesharusha saba. Ugumu wote wa zile saba umeshapita, na kilichobaki mbele yako ni mrusho mmoja tu.

Kama hujashawishika, wapange watu 256 uwanjani, kila mmoja na sarafu yake, warushe mara saba. Kwa wastani watabaki wawili tu ambao wametoa kichwa mara zote saba. Hao wawili sasa wanarusha ya nane. Je, wote watatoa simba kwa sababu "wamezidisha vichwa"? Hapana. Kwa wastani mmoja atatoa kichwa na mmoja atatoa simba. Kichwa saba halafu kichwa ni moja kati ya 256, na kichwa saba halafu simba nayo ni moja kati ya 256. Ziko sawa kabisa. Tunaiona ya kwanza kuwa ya ajabu kwa sababu inapendeza machoni, ya pili tunaiona ya kawaida kwa sababu imechanganyika.

Hii ndiyo maana ya matukio yasiyotegemeana. Mrusho wa saba haugusi mrusho wa nane kwa namna yoyote. Sarafu ni kipande cha chuma. Haikumbuki ilichotoa jana, haioni aibu kwamba imerudia upande mmoja, na haina daftari la kuandika kwamba inakudai au unaidai.

"Lakini si mwisho wa siku zinalingana?"

Hili swali niliulizwa na dada mmoja mteja wangu, na ni swali zuri kuliko yote. Tumefundishwa kwamba ukirusha sarafu mara nyingi, vichwa na simba vinakaribia nusu kwa nusu. Sasa kama vichwa vimetangulia, si lazima simba waongezeke ili mambo yalingane?

Tufanye hesabu polepole. Mirusho kumi ya kwanza imetoa vichwa kumi, simba sifuri. Vichwa vimezidi kwa kumi. Sasa rusha mara 990 nyingine, na tuseme sarafu imetenda haki kabisa: vichwa 495, simba 495. Jumla una mirusho 1,000, vichwa 505 na simba 495. Vichwa ni asilimia 50.5.

Umeona kilichotokea? Mwanzoni vichwa vilikuwa asilimia 100, sasa ni 50.5. Mambo yamekaribia kulingana, lakini ile ziada ya vichwa kumi bado ipo pale pale. Haijalipwa na simba hata mmoja. Endelea mpaka mirusho 10,000 kwa mtindo huo huo, utakuwa na vichwa 5,005, asilimia 50.05, na ziada bado ni kumi.

Ni kama kudondosha tone la rangi kwenye ndoo ya maji. Ukiendelea kuongeza maji, mwisho huioni rangi tena. Hakuna aliyeitoa, imezidiwa na maji tu. Sarafu inalinganisha kwa kuongeza mirusho mingi juu ya ile ya zamani. Hailipi deni. Anayesubiri simba watoke kwa wingi ili "kufidia" anasubiri malipo ambayo hayajaandikwa popote.

Na jambo jingine. Ukirusha sarafu mara 200, karibu ni hakika kwamba mahali fulani utakuta upande mmoja umejirudia mara sita au zaidi mfululizo. Siyo mchezo mchafu, ndivyo bahati ilivyo. Tungeulizwa kubuni mirusho 200 kwa kichwa, wengi wetu tungeogopa kuandika kichwa mara sita mfululizo, tungekatiza kwenye tatu au nne. Ndiyo maana mifululizo ya kweli inatushtua.

Mfumo wa kuzidisha, hesabu yake kamili

Sasa turudi kwenye mfumo wa jamaa yangu. Kwanza, kusubiri nyekundu tatu hakusaidii chochote, maana baada ya nyekundu tatu bluu ina nafasi ile ile. Ulikuwa unasubiri bure.

Kubaki ni kule kuzidisha. Kwa mtaji wa 255,000, una uwezo wa kukosa mara nane. Kukosa mara nane mfululizo ni nafasi moja kati ya 256. Kwa hiyo ukianza mzunguko mara 256, kwa wastani mara 255 utashinda buku, na mara moja utapigwa 255,000. Buku mara 255 ni ngapi? Ni 255,000. Unaona? Ulichokusanya chote kwa wastani ni sawa na kile utakachopoteza siku moja. Mfumo haukuongezi kitu. Unachofanya ni kukupa ushindi mdogo mdogo kila siku na kukufichia pigo moja kubwa mbele.

Na hiyo ni kama mchezo ni wa haki kabisa. Mwenye mchezo hakuweka mchezo ili mtoke sare. Akikata hata kidogo tu kwenye malipo, au akiweka rangi ya tatu ambayo inatoka mara moja moja na kula wote, unaingia kwenye hasara moja kwa moja, na kuzidisha kunaharakisha tu.

Ndiyo maana zile wiki mbili zangu za kushinda hazikuthibitisha chochote. Mfumo wa namna hii huonekana unafanya kazi kwa muda mrefu, kisha siku moja unachukua vyote pamoja na mzigo wa dukani.

Nchi nzima ilivyodai namba 53

Ukidhani ni sisi wenye mitaji midogo tu tunaopigwa hivi, sikia kilichotokea Italia.

Kule kuna bahati nasibu ya zamani, miji mikubwa kadhaa ina magurudumu yake ya namba. Kwenye kila droo, kila gurudumu linatoa namba tano kati ya 90. Wakati huo droo zilikuwa mbili kwa wiki. Kwa hiyo namba yoyote uliyochagua, kwenye mji mmoja, ina nafasi tano kati ya 90, yaani moja kati ya 18. Kwa wastani inatoka mara moja kila wiki tisa hivi.

Kwenye gurudumu la Venisi, namba 53 ilitoka Mei 2003, halafu ikapotea. Ikapita miezi, ikapita mwaka. Waitalia walikuwa na desturi ya kufuatilia namba zilizochelewa, na kadiri 53 ilivyokawia ndivyo watu walivyozidi kuiwekea hela. Kila droo walisema sasa imekaribia. Watu waliweka akiba za familia, wengine wakakopa, na wengi walikuwa wanazidisha dau kila wakikosa, kama mimi na buku zangu. Magazeti yaliripoti familia zilizofilisika, na hata watu waliojiua kwa madeni ya namba moja.

Namba 53 ilikaa droo 182 bila kutoka. Ilitoka Februari 2005, karibu miaka miwili baadaye. Inakadiriwa kwamba hadi hapo watu walikuwa wameiwekea zaidi ya yuro bilioni 3.5, na waliokutwa wameshika namba siku ile walilipwa takriban yuro milioni 600.

Sasa tupige hesabu kama wafanyabiashara. Baada ya droo 10 bila 53, nafasi yake kwenye droo inayofuata ilikuwa moja kati ya 18. Baada ya droo 100, moja kati ya 18. Baada ya droo 181, bado moja kati ya 18. Mipira ile haijui imekaa mingapi. Na ukiipata, ulilipwa takriban mara 11 tu ya dau, wakati nafasi yenyewe ni moja kati ya 18. Maana yake kila yuro moja iliyowekwa ilikuwa inarudi, kwa wastani, kama senti 61. Iwe droo ya kwanza au ya 182, biashara ilikuwa mbaya kwa kiwango kile kile.

Utasema, "Lakini droo 182 siyo kawaida, lazima kulikuwa na mkono wa mtu." Kwa namba moja uliyoichagua kabla, kukosekana droo 182 ni kama nafasi moja kati ya 33,000. Inaonekana haiwezekani. Lakini kumbuka magurudumu yalikuwa kumi, kila moja na namba 90, hivyo kuna namba 900 zinazosubiriwa kwa wakati mmoja. Kila namba ikitoka, kusubiri kwake kunaanza upya. Kwa droo mbili kwa wiki, kusubiri kupya kama 5,200 kunaanza kila mwaka. Ukigawa 33,000 kwa 5,200, unaona kwamba namba fulani, mji fulani, itachelewa kiasi hicho takriban mara moja kila miaka sita. Si muujiza. Ni kwamba sisi tunaitazama ile moja iliyochelewa na kusahau mamia ambayo yalitoka kwa wakati wake.

Ni wakati gani yaliyopita yana maana?

Hapa ndipo panapotuhusu dukani, kwa sababu siyo kila kitu ni sarafu. Ukitoka hapa ukasema "yaliyopita hayahusu kabisa" utajiumiza upande wa pili.

Swali la kujiuliza ni moja: kuna kitu gani kimebadilika, au kuna sababu gani inayoendelea, kati ya raundi iliyopita na hii?

Mfano wa kwanza, zawadi tunazotoa kwa wateja. Umeweka majina 40 kwenye ndoo, unachomoa moja moja, na aliyeshinda humrudishi ndani. Jina la kwanza likitoka, yamebaki 39, kwa hiyo waliobaki nafasi yao imepanda kweli kutoka moja kati ya 40 hadi moja kati ya 39. Hapa yaliyopita yana maana, kwa sababu ndoo imebadilika. Lakini wiki ijayo ukiweka majina yote 40 upya, kila mtu anarudi kwenye moja kati ya 40. Yule dada mteja wangu aliniandikia, "Kaka, nimeshiriki mara sita sijapata, wiki hii ni zamu yangu." Nikamjibu, "Dada yangu, ndoo haina zamu. Ukitaka zamu niambie nitengeneze orodha, lakini hapo itakuwa siyo bahati tena." Ukiendesha zawadi, waeleze wateja hivyo mapema, utaepuka kuitwa mwizi.

Mfano wa pili, mizigo inayokataliwa. Tuseme kwa kawaida mteja mmoja kati ya kumi anakataa mzigo boda akifika. Leo wanne mfululizo wamekataa. Wapo wanaosema, "Nuksi imeisha, wa tano lazima apokee," wanatuma mingine kumi. Hilo ni kosa lile lile la sarafu, tena hapa ni baya zaidi, maana wateja wakikataa mara nyingi wana sababu. Kama kila mmoja anaamua kivyake, wateja wanne unaowafuata kukataa wote ni nafasi moja kati ya 10,000. Ukiona jambo gumu hivyo limetokea, usisubiri lifidiwe. Piga simu uulize. Pengine rangi ya picha hailingani na bidhaa, pengine boda anaongeza nauli njiani. Sababu ikiwepo, wa tano naye yuko hatarini kuliko kawaida.

Hata sarafu iko hivyo. Mtu usiyemjua akitoa sarafu yake mfukoni na ikatoka kichwa mara ishirini mfululizo, usiseme simba amekaribia. Iangalie pande zote mbili kwanza, huenda zote ni vichwa.

Kwa hiyo mambo yanaenda hivi. Kama unajua chombo ni cha haki na hakijabadilika, yaliyopita hayakuongezei nafasi hata chembe. Kama chombo kimebadilika, hesabu upya kilichobaki. Kama hujui chombo kikoje, mfululizo ni dalili ya kuchunguza, na mara nyingi dalili hiyo inaelekea upande ule ule uliokwisha kutokea. Hakuna hali hata moja kati ya hizo tatu ambayo bahati inakudai na inakuja kukulipa.

Leo ukifunga duka, chukua sarafu na karatasi. Rusha mara 200, andika K au S. Kila baada ya K tatu mfululizo, weka alama kwenye mrusho unaofuata. Mwisho hesabu zile zenye alama, ngapi zilikuwa S. Utapata kama nusu, zaidi kidogo au pungufu kidogo. Mimi zoezi hilo ningelifanya kabla ya ile jioni, lingenigharimu nusu saa na shilingi mia mbili ambayo ningebaki nayo mkononi.